Barua ya wazi kwa kampuni ya bima: masalio ya mchele si yenu yote

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu,
na kwa Wakuu wa idara ya malipo ya hasara,

Kwanza salamu za heshima. Sisi ni wenye depo za vyakula hapa Lubumbashi, pamoja na wakaguzi wanaoitwa kuhesabu hasara pale depo inapoungua au kuingia maji. Tuliwaandikia mara mbili kupitia wakala wenu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa kutumiwa tena karatasi ile ile tuliyokuwa tunailalamikia. Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu. Jina la kampuni tunaliacha; ninyi wenyewe mnajua ni barua gani.

Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Inasema kwamba mali yoyote iliyoharibika na kulipwa kama hasara kamili sasa ni ya kampuni, na kwamba mwenye bima haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuihamisha wala kuitupa bila idhini ya maandishi. Hakuna zaidi ya hapo. Haitaji siku, haitaji idadi, haisemi nani analipia ulinzi wa hiyo mali wala nani anaondoa kilichooza.

Tuseme jambo moja mapema ili tusipoteze muda. Hatubishi kwamba kampuni iliyolipa hasara kamili ina haki juu ya masalio. Bima inamrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara. Akilipwa bei yote ya mchele kisha akauza mchele ule ule, atakuwa amelipwa mara mbili, na hilo hakuna anayelitetea. Malalamiko yetu ni kwamba barua yenu inachukua zaidi ya haki hiyo, tena inaichukua mapema kuliko inavyotakiwa.

1. Umiliki unaanza siku gani?

Barua hii huwafikia watu kabla ya pesa. Mara nyingi inakuja pamoja na nakala ya hati ya ukaguzi, wakati hesabu bado inazunguka ofisini. Lakini haki ya kuchukua masalio huzaliwa na malipo. Sheria ya bima za baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo mikataba mingi ya mizigo duniani imeiga maneno yake, inasema katika kifungu cha 79 kwamba mwenye kutoa bima akishalipa hasara kamili ndipo anapata haki ya kuchukua kilichobaki. Hatusemi sheria ya Waingereza inatawala Lubumbashi. Tunasema mpangilio wake ni wa akili: lipa, kisha chukua. Na neno lililotumika pale ni haki ya kuchukua. Mwenye haki anaweza pia kusema sitaki.

Kwenye mchele, siku kumi ni maisha marefu. Wanaokaa ofisini pengine hawajawahi kuingiza mkono ndani ya mfuko uliolowa, basi tueleze. Mfuko wa kilo 25 unaotumika siku hizi umefumwa kwa plastiki. Mvua ikiingia kupitia bati lililotoboka, mfuko unakauka kwa nje ndani ya saa chache, na mtu anayepita na kalamu ataandika "mzima". Ukiufungua na kusukuma mkono hadi katikati, unakuta joto. Joto hilo ni la mchele wenye unyevu ulioanza kufanya ukungu. Siku mbili tatu baadaye punje zinashikana kama donge, kisha harufu inatoka, kisha rangi inageuka njano. Mchele unahifadhika vizuri unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 14 hivi. Ukipita hapo na kubaki umefungwa, unajipika wenyewe.

Mchele uliolowa kidogo unaweza kuokolewa, lakini ni siku ile ile au kesho yake: unamwagwa juu ya bashi kwa tabaka jembamba, vidole viwili au vitatu, na kugeuzwa kila baada ya nusu saa. Hata ukikauka, punje zinakuwa zimepasuka, hivyo haurudi kwenye bei ya kwanza. Na mvua kubwa ya huku inanyesha kati ya Novemba na Machi, yaani wakati jua lenyewe ni la kubahatisha. Sasa mwenye depo aliyesoma barua yenu anafanya nini? Akiumwaga akaukausha, ameigusa mali ya kampuni. Akiuacha, mkaguzi wa pili atakuja kuandika kwamba hakufanya lolote kupunguza hasara, na fidia itakatwa. Barua moja inamfunga mikono yote miwili.

2. Mnachukua masalio yote ilhali hamkulipa hasara yote

Hili ndilo kubwa, na tunaomba wahasibu wenu walifuate kwa penseli.

Tuchukue depo ya mfano. Siku ya mvua ndani yake mna bidhaa za dola 80 000, lakini mkataba wa bima umeandikwa dola 60 000, kwa sababu mwenye depo aliongeza mzigo na hakuongeza bima. Maji yameharibu mifuko 600 ya mchele. Mfuko ni dola 20, basi hasara ni dola 12 000. Mkataba una fransizi ya asilimia 10 ya fidia, ile sehemu anayobaki nayo mwenye mali.

Hesabu yenu inaanza hivi. Bima ilikuwa pungufu: 60 000 juu ya 80 000 ni robo tatu. Mnalipa robo tatu ya 12 000, yaani 9 000. Mnatoa fransizi ya asilimia 10, yaani 900. Mwenye depo anapokea dola 8 100. Mpaka hapo hatuna neno. Hiyo ndiyo kanuni ya uwiano, na aliyeandika bima pungufu anabeba upungufu wake.

Kisha masalio yanauzwa. Tuseme katika mifuko 600, mifuko 150 ilikuwa juu ya palete upande wa ukuta mkavu na inauzwa dola 12 kila mmoja. Inatoa dola 1 800. Mifuko 240 ilikaushwa mapema na inaenda kwa wafugaji kwa dola 5. Inatoa 1 200. Mifuko 210 imeoza, haina bei. Jumla ni dola 3 000, na barua yenu inasema zote ni zenu.

Hapa ndipo tunaposimama. Katika dola 12 000 za hasara, ninyi mmebeba 8 100, ambayo ni asilimia 67 na nusu. Mwenye depo amebeba 3 900 kutoka mfukoni mwake. Kwa hizo 3 900 yeye ni kama amejiwekea bima mwenyewe. Sheria ile ile ya 1906, kifungu cha 81, inasema hivyo hivyo kuhusu bima pungufu: kwa kiasi kisichofunikwa, mwenye mali anahesabiwa kuwa ndiye mtoa bima wake. Kama tulibeba hasara pamoja, masalio nayo tunayagawana kwa kipimo kile kile. Asilimia 67 na nusu ya 3 000 ni dola 2 025, hizo ni zenu. Dola 975 ni zake.

Mkaguzi wenu mmoja alituambia kwa mdomo kwamba huko ni kubuni hesabu. Basi ijaribuni kwa njia ya pili, ile mnayoitumia ninyi wenyewe pale mwenye mali anapobaki na masalio. Hasara 12 000, toa masalio 3 000, inabaki 9 000. Robo tatu yake ni 6 750. Toa fransizi ya asilimia 10, inabaki 6 075. Mwenye depo anapokea 6 075 na anabaki na mchele wa 3 000: jumla yake 9 075. Sasa rudini kwenye njia ya kwanza: 8 100 mliyolipa, jumlisha 975 ya mgawo, inakuwa 9 075. Ni dola ile ile, bila hata senti kupotea. Kwa barua yenu jinsi ilivyo, anaishia na 8 100. Zile 975 zinaingia kwenu kwa sababu tu masalio yamelala upande wenu wa karatasi.

Pale ambapo fransizi ni kiasi kisichobadilika, kwa mfano dola 500, mgawo unafuata uwiano wa bima peke yake, robo tatu kwa robo. Na pale ambapo bima ilikuwa kamili na hakuna kilichokatwa, chukueni yote. Kesi hizo za mwisho si nyingi hapa kwetu, na ninyi mnajua hivyo kuliko sisi.

3. Mali ipi hasa?

Maneno "mali yoyote iliyoharibika" hayana mpaka. Kwenye depo, mifuko hupangwa kwa rundo. Maji ya chini huharibu mistari miwili ya mwanzo, maji ya juu huharibu mstari wa juu na pembeni, na katikati panaweza kubaki pakavu kabisa. Mkaguzi akiandika "rundo namba 4, hasara kamili" bila kuhesabu, kesho mchukuzi wenu anakuja na kamio na kubeba rundo zima, pamoja na mifuko ambayo haikuhesabiwa kwenye malipo. Imeshatokea kwamba idadi iliyopakiwa inazidi idadi iliyolipwa.

Dawa yake si ngumu. Siku ya ukaguzi, rundo livunjwe na kugawanywa mara tatu: mikavu, iliyolowa, iliyokufa. Kila kundi lihesabiwe kwa sauti, namba iandikwe kwenye pe-ve, yaani hati ya ukaguzi, na pande zote mbili zitie saini. Kwa watu wanne wa kubeba, mifuko 600 ni kazi ya nusu siku. Alama ya maji, ule mstari wa kahawia unaobaki kwenye mfuko baada ya kukauka, ipigwe picha pamoja na kitu kinachoonyesha kimo chake kutoka chini. Haki yenu ya masalio iishie kwenye namba iliyolipwa.

4. Nyama kwenu, mifupa kwetu

Mifuko 210 iliyooza ni zaidi ya tani tano, bila kuhesabu maji iliyokunywa. Kwa maneno ya barua, nayo ni mali ya kampuni. Kwa vitendo, mchukuzi wenu huchagua ile yenye bei na kuiacha iliyooza sakafuni, na mwenye depo hukodi kamio kwa pesa zake huku majirani wakilalamikia harufu na panya. Katika sheria za bima za baharini za Ufaransa pia, mtoa bima anaweza kulipa na kukataa umiliki wa masalio. Ni sawa, kataeni. Lakini kataeni kwa maandishi na mapema, msikatae kwa kuacha uchafu. Na mkichukua, chukueni na mzigo wake: ulinzi, nafasi mnayokalia ndani ya depo, na gharama ya kutupa.

Kuna kitu kibaya zaidi ya harufu. Mchele ulioota ukungu unaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini. Haiondoki kwa kupika, na kuku na bata hudhurika nayo haraka. Kwa hiyo ile mifuko ya wafugaji ni ile tu iliyokaushwa kabla ya ukungu. Mkiuza rundo lote kwa mnunuzi mmoja anayelipa taslimu, bila kuandika matumizi, sisi tunaupata tena mchele huo sokoni ukiwa ndani ya mifuko yenye chapa ya muagizaji wetu. Mama aliyenunua harudi kwenu, anarudi kwetu na sufuria yake.

Kuhusu visingizio tunavyovitarajia

Mtasema mwenye bima alitia saini kitansi cha malipo kinachosema masalio ni ya kampuni. Alitia, kweli. Alitia kwa sababu hundi ilikuwa chini ya karatasi ile, na wala hakuonyeshwa hesabu ya mgawo. Saini ya kupokea 8 100 ni ushahidi kwamba amepokea 8 100. Kama mnataka iwe pia mauzo ya sehemu yake ya 975, iandikeni hivyo, na bei yake muiandike.

Mtasema mkiwaachia wenye depo masalio watayauza ghali na kutaja bei ya chini. Wapo wa namna hiyo, hatuwezi kuapa kwa niaba ya kila mtu. Ndiyo sababu tunapendekeza bei zitafutwe na pande zote mbili, kutoka kwa wanunuzi watatu, kwa maandishi, ndani ya siku chache. Bei ya juu ndiyo itumike, awe nani atakayeuza.

Mtasema barua ni ya mfano, imetoka Kinshasa, inatumika kwa magari na kwa mizigo vilevile. Hilo tunaliamini bila taabu, maana inaonekana. Gari lililogongwa linaweza kungoja miezi mitatu uwanjani na bado vyuma vikawa na bei. Mchele haungoji.

Tunachoomba

a) Barua ya masalio isitoke kabla ya pesa kupokelewa. Kabla ya hapo, itumwe karatasi nyingine, fupi, inayomruhusu mwenye depo kutenganisha, kukausha na kuhifadhi mara moja, na kuahidi kwamba gharama hizo zitahesabiwa kwenye fidia.

b) Ndani ya saa 48 baada ya ukaguzi, kampuni iseme kwa kila kundi la pe-ve: tunachukua au tunaacha. Ikinyamaza, ihesabiwe imeacha kwa bei ya juu kati ya zile tatu, na bei hiyo iondolewe kwenye hasara kabla ya uwiano na fransizi, kama katika njia ya pili hapo juu.

c) Pale bima ilipokuwa pungufu au fransizi ya asilimia ilipokatwa, karatasi ya malipo ionyeshe mgawo wa masalio kwa mstari wake wenyewe. Kwa faili zilizofungwa katika miezi 12 iliyopita, hesabu irudiwe na sehemu ya mwenye mali ilipwe. Sisi wakaguzi tutakaa na wahasibu wenu bila malipo kuzipitia.

d) Masalio ya chakula yasiuzwe ndani ya mifuko yenye chapa. Yamwagwe kwenye mifuko mitupu, matumizi yaandikwe kwenye risiti, na yaliyoota ukungu yaharibiwe mbele ya mtu wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kwa gharama ya yule ambaye barua inamwita mwenye mali.

e) Kuanzia siku ya malipo, kila siku masalio yenu yanapokaa ndani ya depo yetu, nafasi ilipiwe kwa bei ya kawaida ya depo za mjini.

Nakala ya barua hii inapelekwa ARCA, iliyopewa kazi ya kusimamia bima chini ya Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015. Tunaambatisha hesabu ya faili saba, majina ya wenye mali yakiwa yamefichwa, zenye tarehe ya barua yenu na tarehe ya malipo zikiwekwa bega kwa bega. Tunangoja jibu lenu la maandishi kwa siku 30. Tafadhali lisiwe karatasi ile ile.

Kwa heshima,

Wenye depo za vyakula na wakaguzi wa hasara, Lubumbashi